"Kompliti" kwenye kazi za sevei za simu maana yake nini hasa

Siku hizi vijana wengi huku Pemba wanapata vibarua vya kukusanya data kwa simu, unakaa zako nyumbani Wete au Chake unapigia watu orodha uliyopewa na watafiti, maswali yako kwenye apu kama SurveyCTO au KoboToolbox, na tangazo linasema "sh 5,000 kwa kompliti". Watu wanaiona elfu tano, kompliti yenyewe hawaiulizi ni kitu gani.

Kompliti si simu uliyopiga, wala si mtu uliyezungumza naye. Ni hojaji iliyojibiwa kuanzia ridhaa mpaka swali la mwisho, ikatumwa ikafika kwenye seva, halafu ikapita ukaguzi. Hapo kwenye ukaguzi ndipo watu wanapolia.

Chukua mdogo wangu, alipewa namba 120 na siku kumi. Masharti yalikuwa namba isiyopokelewa ipigwe mpaka mara saba, siku tofauti na saa tofauti, ndio uruhusiwe kuifunga. Na ilikuwa Ramadhani, sasa asubuhi mtu kalala, alasiri yuko jikoni, akawa anapata watu baada ya tarawehe tu. Mwisho wa siku kumi: namba 31 hazikupatikana kabisa, 14 za watu wengine (laini zinabadilisha wenyewe huku!), 9 walikataa, 4 walikatia njiani wakasema watapigiwa kesho na kesho haikufika. Zilizobaki 62 zilikwenda mpaka mwisho. Akapiga hesabu yake, laki tatu na kumi.

Akaja kulipwa 56.

Sita zilikwenda wapi? Mbili zilianguka kwenye bakcheki, yaani supavaiza anachagua baadhi ya waliohojiwa, anawapigia tena na kuuliza maswali machache yasiyobadilika, kama mnaishi wangapi humo ndani, halafu analinganisha. Fomu inasema watu wanne, bi mkubwa anasema tuko tisa. Mara nyingi hapo enyumereta, yaani yule anayepiga simu na kujaza fomu, kafupisha, maana kila mtu unayemuandika anafungua maswali yake mengine kumi. Supavaiza mzuri hata hahitaji kupiga, anatazama dakika tu, wenzako wote wanatumia 25 wewe 9, au kila ukiuliza "kuna aliyeumwa mwezi huu?" jibu lako ni hapana hapana hapana.

Nne zilizobaki ndizo zilizoniuma mie. Apu inarekodi sauti kimyakimya katika baadhi ya maswali ili wakague kama ridhaa imesomwa neno kwa neno (na mhojiwa lazima aambiwe mwanzoni kuwa anarekodiwa). Utaratibu ulikuwa simu moja ya kupigia, ukaweka spika, na tableti pembeni ndio inajaza fomu na kurekodi. Siku hiyo umeme ukakatika, tableti ikazima, akaona si tabu, akaiweka apu kwenye simu ile ile anayopigia. Sasa Android kuanzia toleo la 10 kwa kawaida haiziachii apu nyingine maiki wakati simu inaendelea, kwa hiyo rekodi zilitoka ni ukimya mtupu. Majibu yalikuwa ya kweli kabisa, lakini ridhaa haisikiki, na bila ridhaa data haitumiki. Angerekodi jaribio moja akasikiliza kabla ya kuendelea angejua pale pale.

Kwa hiyo 56 mara 5,000 ni 280,000, ikakatwa kodi ya zuio asilimia 5, mkononi 266,000. Vocha walitoa wao, alhamdulillah, wengine wanakwambia jigharimie. Semina ilikuwa siku tatu kwa Zoom, kusoma hojaji swali kwa swali na kupigiana simu za kuigiza, mwisho mtihani, na kwa siku hizo alipewa bando tu. Ukigawa kwa siku kumi na tatu ni kama elfu ishirini na kidogo kwa siku, si ile elfu tano tano uliyokuwa unaiwaza kila ukikata simu.

Mimi naona malipo ya siku yenye lengo, tuseme simu arubaini uzipige na zionekane kwenye kumbukumbu, ni ya haki zaidi, maana ile namba mbovu 14 hakuitafuta yeye, kapewa. Kulipa kwa kompliti tupu ndiko kunakomfanya mtu aandike wanne badala ya tisa. Ila wengi ndivyo wanavyolipa, basi kabla hujasaini uliza nani anakubali fomu, unaambiwa lini kuwa imekataliwa, na hela inaingia siku ngapi baada ya hapo.

Yeye iliingia wiki ya tano, kwenye simu. Alipokwenda kulalamika akaambiwa asome mkataba, ukurasa wa tatu, na kweli imo: kompliti ni fomu iliyokubaliwa na msimamizi wa data.