Mkono unaoweza lakini hautumiki

Nikimwomba mgonjwa wa kiharusi anipe kikombe kwa mkono uliolegea, mara nyingi anaweza, ingawa polepole. Nikimwacha tu aongee na mwanawe, mkono huohuo unalala mapajani. Simu, leso, kujikuna, vyote vinakwenda kwa mkono mzima. Pengo hilo ndilo ninalolitafuta kwanza.

Linatokana na wiki za mwanzo. Mkono kweli hauitiki, kila jaribio linashindwa, na ubongo unajifunza kuuacha. Uvimbe wa ubongo ukishapungua, nguvu kiasi inarudi lakini mazoea yameshakomaa. Mtafiti Edward Taub aliligundua jambo hili kwa nyani. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake walionyesha kinachotokea ndani: kima walioumizwa kipande kidogo cha eneo la ubongo linaloendesha vidole, wasipofanyishwa mazoezi, hata sehemu iliyosalimika ilizidi kupungua. Waliozoeshwa kuokota chakula kwenye vishimo vidogo hawakuipoteza, na kwa baadhi vidole vilichukua nafasi iliyokuwa ya kiwiko na bega.

Tiba yenyewe inauma roho: mkono mzima unavikwa glavu nene karibu saa zote mtu akiwa macho, kwa wiki mbili, huku ule dhaifu ukifanyishwa kazi saa kadhaa kila siku. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2006, wenye wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla, ulikuta nafuu ikiwa bado ipo baada ya mwaka mmoja.

Nilimfanyia hivyo mama muuza chapati hapa Arua, Uganda, kwa mkono wake wa kulia uliolegea. Kiganja chake kiliinuka nyuzi 20 na vidole nyuzi 10, kiwango tunachokidai kabla ya kuanza. Tulianza na donge la unga: kulifinya, kuliachia, kulifinya tena. Kuachia ndiko kulikomshinda. Kisha akasukuma chapati nusu, halafu nzima, nami nikipima muda kwa simu na kuongeza ugumu kila alipozoea.

“Dokta, mbona unanifunga kwenye kiti?” aliniuliza. Nilimwonyesha, Mama, mgongo wako unainama mbele kila unapofikia unga, kwa hiyo kiwiko hakinyooki. Mgonjwa akifanya hivyo anaonekana amepona, kumbe mwili umebuni ujanja na mkono haujasogea. Kitambaa kifuani kiliuzuia ujanja huo. Karibu na jiko glavu tuliivua kabisa, maana mafuta ya moto hayana subira, na anayetembelea fimbo pia simvishi anapotembea.

Sasa anasukuma unga kwa mikono yote miwili. Kuokota sarafu mezani bado kunamtesa. Na yule ambaye vidole havifunguki hata kidogo simwanzishii glavu: huenda njia inayoshusha amri kutoka kwenye ubongo hadi uti wa mgongo imekatika sana, na kumfunga mkono mzima kutamnyima tu namna ya kula.