Wimbo ni mmoja, rekodi ni nyingi, matoleo ni mengi zaidi

Mama mkubwa anakaa Temeke. Mwezi uliopita aliniomba nimtafutie "Malaika", ile iliyokuwa ikipigwa nyumbani kwao enzi za babu. Nikaandika jina kwenye simu, nikabonyeza ya kwanza iliyokuja, nikampa asikilize. Alisikiliza kidogo tu akanirudishia simu. "Siyo hii, mwanangu. Ile anaimba mwanaume." Nikampa nyingine, na nyingine tena. Zote zilikuwa "Malaika", na zote hazikuwa ile yake.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa natafuta wimbo, yeye alikuwa anaomba rekodi. Kwenye mazungumzo ya kawaida tunaviita vyote wimbo, lakini kanzidata za muziki huvitenganisha, na asiyejua zimetenganishwa wapi anaweza kuzunguka humo siku nzima bila kupata anachokitaka.

Nitaeleza kwa kufuata MusicBrainz, kanzidata ya wazi ambayo watu hujaza wenyewe, maana yenyewe imegawa mambo haya vizuri kuliko nyingi ninazozijua. Kuna kwanza utunzi, yaani maneno na melodia kabla mtu yeyote hajavipigia gitaa. Kwenye skrini utaona umeandikwa Work. Utunzi hauna sauti, kwa hiyo huwezi kuusikiliza. Watu wanaobishana nani alitunga "Malaika", kama ni Fadhili William au Adam Salim, wanabishania utunzi.

Baada ya utunzi inakuja rekodi, Recording. Hiyo ni sauti iliyonaswa siku fulani na watu fulani. Fadhili William aliirekodi "Malaika" na bendi yake ya Jambo Boys, kisha baadaye akairekodi tena kwa lebo ya Equator ya Nairobi. Mwimbaji ni yuleyule, wimbo ni uleule, lakini hizo ni rekodi mbili. Miriam Makeba naye ana zake, Boney M. waliitoa yao mwaka 1981, na Angélique Kidjo akaiweka kwenye albamu yake ya mwaka 1991, *Logozo*. Utunzi wote huo ni mmoja.

Mwisho kuna toleo, Release. Hiki ndicho kitu kilichofika dukani au kwenye mtandao: santuri, kanda, sidii, au albamu ya kusikiliza kwenye simu. Rekodi moja inaweza kukaa kwenye matoleo ishirini. Imetoka kwenye santuri ndogo, ikaingia kwenye kanda, baada ya miaka arobaini ikawekwa kwenye sidii ya mkusanyiko, halafu sidii hiyo ikapandishwa mtandaoni. Sauti haijabadilika, kilichobadilika ni chombo, jalada, lebo na mwaka.

Huo mwaka ndio unaowapoteza wengi. Programu nyingi za kusikiliza muziki huonyesha mwaka wa toleo, wala si wa rekodi. Sisi wa Dar tunaliona hili kila tukitafuta muziki wa dansi uliorekodiwa Radio Tanzania. Mwaka 2009 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilitoa mkusanyiko uitwao *Zanzibara 5: Hot in Dar*, na jalada lenyewe linasema ni muziki wa 1978 hadi 1983. Kijana anayechuja utafutaji wake kwa "miaka ya 1980" anaweza kuukosa kabisa, kwa sababu mashine inaujua kama muziki wa 2009. Kwa muziki wetu wa zamani, usichuje kwa mwaka mpaka uwe na hakika mwaka huo ni wa nini.

Jina nalo lina mtego wake. Mwaka 1965 Makeba na Harry Belafonte walitoa albamu ya pamoja, na humo wimbo umeandikwa "My Angel (Malaika)". Jina hilo limekuja na toleo. Ukitafuta rekodi kwa kuanza na neno la kwanza tu, au kwa jina kamili la Kiswahili, unaweza kuipita bila kuiona. Ukifungua ukurasa wa utunzi, unakuta rekodi zote zilizounganishwa nao zimepangwa pamoja, hata kama kila moja imeandikwa jina lake. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua nani na nani wameimba wimbo fulani aanzie kwenye utunzi. Anayetaka sauti ya mtu mmoja aanzie kwenye rekodi. Anayeshika santuri mkononi aanzie kwenye toleo, kwa lebo na namba iliyochapwa katikati.

Basi nikarudi Temeke kuuliza vizuri. "Shikamoo mama. Santuri yenyewe ipo?" Ipo, imepasuka, lakini karatasi ya katikati bado inasomeka: Equator. Neno hilo moja lilinisaidia kuliko yote niliyoandika kwenye simu. Kina mama wote waliowahi kuuimba wimbo huo nikawaweka kando, na ile ya Jambo Boys nayo nikaiweka kando. Kwenye MusicBrainz nikachagua kutafuta Recording, nikachagua na utafutaji wa kina, advanced query syntax, nikaandika:

```
recording:malaika AND artist:"fadhili william"
```

Ukipata majibu zaidi ya moja, angalia urefu kwanza. Rekodi mbili za wimbo mmoja ni nadra kulingana hadi sekunde. Tofauti ya sekunde mbili tatu inaweza kuwa ukimya wa mwishoni tu, lakini ikifika nusu dakika, ama ni rekodi nyingine ama imekatwa. Kisha fungua rekodi uone imetokea kwenye matoleo gani. Santuri ya babu sikuikuta humo, lakini niliikuta rekodi yake ndani ya mkusanyiko wa baadaye, na hiyo ilitosha, kwa kuwa mama mkubwa hakuwa anaomba santuri.

Mtu ataniuliza kwa nini nisingeiachia tu programu ya kutambua muziki isikilize iniambie. Programu hizo zinatambua rekodi, hazitambui utunzi. Zinalinganisha alama za sauti yenyewe na zilizohifadhiwa, ndiyo maana bendi ya harusini ikipiga wimbo huohuo mbele yako zinaweza kukaa kimya. Na kanda iliyonakiliwa kwenye redio yenye mota inayokwenda mbio kidogo nayo huweza kuzishinda, ingawa sikio la binadamu halisiti hata kidogo.

Kuna mahali mgawanyo huu haujanyooka. Rekodi ya zamani ikisafishwa mikwaruzo na kutolewa upya, MusicBrainz huihesabu kuwa rekodi ileile. Ikichanganywa upya, yaani ala na sauti zikapangwa tena kutoka kwenye kanda ya awali, inakuwa rekodi nyingine. Discogs, kanzidata nyingine ambayo wakusanyaji wa santuri huipenda, imejengwa juu ya matoleo. Kwa namba za santuri ni nzuri sana, lakini kufuata utunzi mmoja kutoka kwa mwimbaji hadi mwimbaji humo ni kazi ya mkono.

Na ukurasa wa utunzi unaonyesha tu kile ambacho mtu alikumbuka kukiunganisha. Rekodi ikiingizwa na albamu yake bila kufungwa kwenye utunzi, inabaki humo peke yake, na kwa muziki wa Afrika Mashariki zipo nyingi za namna hiyo. Ukiona orodha ya utunzi ni fupi kuliko unavyojua, tafuta tena upande wa rekodi kwa jina la mwimbaji, na kwa tahajia mbili tatu: huyu wetu utamkuta pia ameandikwa Fadhili Williams.