Kabla hujasaini pale panapoandikwa "mdhamini"

Mwezi uliopita alikuja ofisini kwangu mzee mmoja kutoka Newala. Mpwa wake alivunjika paja kwenye ajali ya bodaboda, akalazwa hospitali ya binafsi hapa Mtwara. Pale mapokezi familia iliambiwa upasuaji ungegharimu kama shilingi 650,000. Mzee akapewa karatasi, akasaini mahali pawili bila kusoma: kwenye "ndugu wa karibu" na kwenye "mdhamini".

Ndugu wa karibu ni mtu wa kupigiwa simu tu, deni halimhusu. Mdhamini ndiye anayeahidi kulipa mgonjwa akishindwa, na kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, deni lake ni sawa na la mgonjwa mwenyewe, ila kama mkataba umesema vingine. Karatasi ya mzee ilisema "gharama zote za matibabu". Ile 650,000 haikuandikwa popote.

Kidonda kikaoza. Siku ya tisa, bili ikiwa imefika 940,000, daktari akasema mgonjwa arudishwe chumba cha upasuaji. Hapo ndipo mzee alipokuja, akiwaza fedha za korosho ambazo hata hazijaingia.

Dhamana inayoendelea, yaani ya huduma zinazotolewa moja baada ya nyingine, huweza kusitishwa kwa huduma zijazo, lakini yaliyokwisha kutolewa hayafutiki. Tukaandika barua siku hiyohiyo: kuanzia leo sidhamini huduma mpya, ukiwemo upasuaji wa pili, bili ya hadi leo naikubali. Tukaipeleka kwa mhasibu, nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio ushahidi, maana neno la mdomo pale dirishani hakuna atakayelikumbuka. Bili ya mwisho ilikuwa 1,480,000. Baada ya mabishano hospitali ilikubali kumdai mzee 940,000, na 540,000 ikabaki kwa mpwa. Hata hiyo atakayolipa mzee, ana haki ya kumdai mpwa wake.

Yote haya yangezuilika kwa mstari mmoja wa kalamu siku ya kwanza. Kata maneno "gharama zote", kisha andika juu yake: "Nadhamini upasuaji wa paja wa sasa tu, usiozidi shilingi 700,000 (laki saba). Huduma ya ziada ihitaji saini yangu mpya." Weka saini yako ndogo pembeni, mwombe na karani aweke yake, halafu piga picha ukurasa mzima. Karani akikataa, omba kuonana na mhasibu. Mara nyingi yeye hukubali ukiweka amana kidogo. Kikomo ulichokiandika baada ya karani kuondoka na fomu, bila wao kukiridhia, hakitakusaidia.

Kama ni hospitali ya serikali na familia haina kitu, mtafuteni kwanza ofisa ustawi wa jamii, kabla hamjamsainisha mtu yeyote. Yeye ndiye anayeshughulikia maombi ya msamaha wa gharama.

Mzee aliniuliza kama kusaini na kikomo ni kumtupa ndugu. Nilimjibu: "Hapana, baba. Umemwahidi unachokiweza."