Kompyuta 15 zimeungua kwa usiku mmoja? Hesabu tena

Umeme ulikatika Ijumaa jioni, ukarudi Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi, kati ya kompyuta 24 za maabara niliyokuwa nikiihudumia, 15 zilikataa kuwaka. Nilipofika, mwalimu wa zamu alikuwa ameshaanza kuandika barua ya kuomba mashine mpya. Nilimwomba aiweke kando mpaka mchana. Zilizoungua kweli zilikuwa ngapi? Moja. Nitazipitia dhana nilizozikuta mlangoni siku ile kwa mpangilio ule ule ninaofuata kazini: naanzia ukutani, naingia ndani ya mashine.

Dhana: Taa za darasa zinawaka, basi umeme umerudi salama.

Taa za kisasa huwaka hata umeme ukiwa dhaifu au umezidi, kwa hiyo si kipimo. Kabla sijagusa kompyuta yoyote nachomeka multimita kwenye soketi. Pale ambapo umeme ni wa volti 230, nataka kuona kati ya 207 na 253, na nataka namba itulie kwa dakika kadhaa. Ikirukaruka, nasubiri.

Kuna hali moja ya kuogopa kuliko zote. Jengo lenye fezi tatu likipoteza waya wa nyutro, baadhi ya vyumba hupata umeme mdogo na vingine hupanda mpaka karibu volti 400. Utaona balbu za chumba kimoja zinang'aa kupita kawaida na za jirani zimefifia. Hapo zima swichi kuu, mwite fundi umeme, wala usijaribu hata mashine moja. Hiyo ndiyo hitilafu inayoweza kweli kuchoma maabara nzima.

Dhana: Zimekufa pamoja, basi zimeungua pamoja.

Mashine nyingi zikigoma kwa wakati mmoja, swali la kwanza ni kipi zinashirikiana. Nilitembea na karatasi nikazigawa makundi mawili: zisizo na dalili yoyote ya uhai, na zinazozungusha feni lakini zinakwama na maandishi kwenye skrini. Nilichora pia mahali ilipo kila moja, na mchoro huo ulinisaidia kuliko bisibisi. Sita zisizo na uhai zilikuwa mstari mmoja, upande wa dirishani, zote zikila umeme wa ekstensheni moja. Kitufe chake cha usalama kilikuwa kimeruka. Nilichomoa plagi zote sita, nikakibonyeza, nikarudisha moja baada ya nyingine. Zote zikawaka.

Kama si ekstensheni ingekuwa sakiti breka ya mstari huo. Breka ikiruka tena mara unapoirudisha, usiilazimishe. Chomoa vyote, kisha rudisha kimoja kimoja mpaka ukipate kinachoiangusha. Ikiruka hata bila kitu kilichochomekwa, tatizo liko kwenye nyaya za ukutani, na hiyo si kazi ya fundi kompyuta.

Dhana: Hakuna taa wala feni, pawa saplai imekufa.

Huenda, lakini bado hujajua. Pawa saplai nyingi hujifunga zenyewe umeme unaporudi kwa kuyumba, na hubaki zimejifunga maadamu waya uko ukutani. Chomoa waya, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki itoke, subiri dakika moja, kisha chomeka kwenye soketi uliyokwisha kuipima. Waya nao ubadilishe na wa mashine nzima, maana nimeshapoteza saa nzima kwa sababu ya waya tu. Nilikuwa na mashine nne za namna hii: tatu zikafufuka.

Ya nne niliazima pawa saplai ya jirani yake wa modeli ile ile, ikawaka. Huyo ndiye maiti pekee wa siku ile. Uazimaji huu ufanye kwa modeli zinazofanana tu, kwa sababu baadhi ya kompyuta za ofisini zina viunganishi vya namna yake, na kiunganishi kinachokataa kuingia kisisukumwe. Pawa saplai yenyewe usiifungue: ndani kuna chaji inayoweza kukupiga hata baada ya kuchomoa waya.

Dhana: Inawaka lakini haifiki kwenye Windows, basi Windows imeharibika, iwekwe upya.

Dhana hii ndiyo inayokula siku za mafundi na kazi za wanafunzi. Mashine tano zilizobaki zilizungusha feni vizuri. Tatu ziliandika `CMOS Checksum Error` na kusubiri mtu abonyeze `F1`. Mbili zilipita hapo, zikaangukia skrini ya bluu yenye maneno `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`. Zinaonekana kama magonjwa mawili, lakini chanzo kilikuwa kimoja: betri bapa ya CR2032 kwenye mazabodi.

Betri hiyo hutunza saa na mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, pale kompyuta isipopata umeme. Mashine ikiwa imezimwa lakini bado imechomekwa ukutani, umeme mdogo wa pawa saplai huifanyia kazi hiyo, kwa hiyo betri iliyochoka inaweza kujificha muda mrefu. Umeme ukikatika siku mbili, inaumbuka. Na kwa kuwa kompyuta za shule hununuliwa kwa mkupuo, betri zake huchoka kwa mkupuo. Nilizipima: mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo, hizi tano zote zilikuwa chini ya 2.6.

Skrini ya bluu ilitokea kwa sababu mipangilio ilipofutika, BIOS ilirudi kwenye chaguo la kiwandani, na kipengele cha `SATA Operation`, kinachoamua namna kompyuta inavyowasiliana na diski, kikahama kutoka `AHCI` kwenda `RAID`. Windows ilisakinishwa kwenye `AHCI`, hivyo haikuitambua diski yake. Diski ilikuwa nzima, na mafaili yote yamo. Kujua mpangilio wa asili hakuhitaji kubahatisha: fungua BIOS ya mashine nzima ya modeli ile ile, piga picha kila ukurasa kwa simu, kisha linganisha.

Basi hatua zilikuwa hizi: chomoa waya, badilisha betri huku alama ya jumlisha ikitazama juu, washa, ingia BIOS, weka tarehe na saa, rudisha `AHCI` na mpangilio wa kuwasha kama kwenye picha, hifadhi. Tarehe usiiruke. Saa ikiwa nyuma miaka kadhaa, kivinjari kitakataa tovuti salama na mtumiaji wa mtandao wa shule anaweza kushindwa kuingia, nawe utaanza kutafuta hitilafu ya mtandao isiyokuwepo. Kama diski zimefungwa kwa BitLocker, kuwa na funguo za kurejesha kabla hujaanza, kwa kuwa mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya mashine idai ufunguo.

Kama mipangilio inafanana na ya jirani na bado inakwama, hapo ndipo diski ishukiwe. Nakili kwanza mafaili ya watu, ukarabati ufuate.

Dhana: Zimepona, tuziwashe zote kwa pamoja.

Zikiwashwa kwa mpigo, kila pawa saplai huvuta umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua, na breka inaweza kuruka upya. Niliwasha mstari baada ya mstari. Kisha nikabadilisha betri za zile 19 nyingine pia, ingawa hazikulalamika, na kwenye kila kava nikaandika kwa kalamu ya wino mzito mwezi na mwaka wa betri.