Kuharisha Damu kwa Mwenye Vidonda vya Utumbo Mpana: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Ninaharisha damu wiki ya tatu sasa, na nimeshameza dawa ya amiba mara mbili. Ninunue dozi ya tatu?

Hapana. Kama dozi mbili kamili hazikukuponya, kinachotakiwa ni kipimo, si dozi nyingine. Huenda si amiba bali ni vidonda vya utumbo mpana, yaani kolaitisi ya vidonda, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani wa utumbo mpana, kuanzia kwenye njia ya haja kubwa na kupanda juu. Utando huo huvimba, huchubuka na kutoa damu pamoja na ute, na mgonjwa hukimbilia chooni hata usiku wa manane. Amiba nayo huleta damu, kwa hiyo choo hupimwa kwanza, kisha kamera huingizwa kuutazama utumbo na kuchukua kinyama cha kupima. Wengi wanaofika kwetu wameshazunguka maduka ya dawa kwa miezi, na kila muuzaji amewaambia ni amiba au bawasiri bila kupima chochote.

Ugonjwa wangu umeamka tena. Ninatumia mesalamini siku ya tano na damu bado ipo. Je, dawa imeshindwa?

Siku tano ni chache. Kwa ugonjwa wa wastani, mtu mzima hupewa gramu 2.4 hadi 4.8 kwa siku, na nafuu huonekana taratibu ndani ya wiki mbili hadi nne. Kidonge kimezwe kizima, kwa sababu ganda lake ndilo linaloifikisha dawa kwenye utumbo mpana, na ukikisaga unaiharibu kazi hiyo. Dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa wakati wa kulala nayo uitumie. Najua wengi huiweka kabatini kwa aibu, kisha hulalamika kuwa vidonge ni dhaifu, ilhali mahali panapovuja damu zaidi ndipo dawa hiyo inapofika moja kwa moja. Zikipita wiki mbili bila nafuu yoyote, rudi kwa daktari. Hali ikizidi kuwa mbaya, usizingoje hizo wiki.

Nina safari Jumatatu. Je, nimeze loperamaidi kufunga tumbo mpaka nirudi?

Usimeze. Utumbo uliovimba sana ukizuiwa kusukuma unaweza kulegea na kutanuka kama puto, kisha ukatoboka. Mwaka jana tulimpokea mwalimu wa umri wa miaka 31 aliyekuwa akienda chooni mara tisa kwa siku, na kila mara ni damu. Alimeza vidonge hivyo siku mbili, choo kikapungua hadi mara mbili, na nyumbani wakamshukuru Mungu. Alipofika, tumbo lilikuwa limejaa na gumu, mapigo ya moyo yalikuwa 124 kwa dakika, na picha ya eksirei ilionyesha utumbo uliotanuka kupita sentimita 6. Choo kupungua huku tumbo likivimba na mtu akizidi kulegea si kupona. Narudia, si kupona. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo ziache, maana zinaweza kuuamsha ugonjwa.

Nitajuaje kwamba hili si la nyumbani tena?

Hesabu. Ukienda chooni mara sita au zaidi kwa siku na kuna damu, kisha ukawa na homa inayozidi nyuzi 37.8, au mapigo yanayozidi 90 kwa dakika ukiwa umetulia, au upungufu wa damu, hiyo ni hali kali na unakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Mapigo unaweza kuyapima mwenyewe kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na saa ya simu. Tumbo kuvimba na kuuma mfululizo, kizunguzungu unaposimama, au damu yenye mabonge, hayo hayahitaji hesabu yoyote. Usingoje kliniki ya Alhamisi, na usiongeze mesalamini ukidhani itatosha, kwa sababu katika hali kali haitoshi.

Wakinilaza watanifanyia nini ambacho vidonge haviwezi?

Watakupa haidrokotizoni, dawa ya kushusha uvimbe, kwa mshipa, kwa kawaida miligramu 100 kila saa sita, pamoja na maji na chumvi ulizopoteza. Choo kitapimwa vijidudu, na damu itapimwa na kuongezwa ikilazimu. Utachomwa pia sindano ya kuzuia damu kuganda. Ndugu wengi huikataa kwa kuwa mgonjwa anatoka damu, lakini uvimbe huu huleta mabonge kwenye mishipa ya miguu na mapafu, nayo huua. Siku ya tatu madaktari hukaa na kuamua: kama choo cha damu hakijapungua vya kutosha, hutafutwa dawa yenye nguvu zaidi au upasuaji wa kuuondoa utumbo mpana. Anayefika mapema huwa na siku hizo tatu za kusubiri. Yule mwalimu hakuwa nazo, na alipelekwa chumba cha upasuaji usiku ule ule.