Tiki iliyokuwa saba

Jumanne tarehe 5 Mei 2026, baada ya adhuhuri, nilipigiwa simu kutoka mapokezi ya hoteli moja ya Nyali. Mimi hufasiri Kiarabu, na hoteli za pwani hunitafuta mgeni anapoandika jambo wasilolielewa. Safari hii dada wa mapokezi alikuwa amelielewa, kwa maoni yake, ila mgeni ndiye aliyekuwa haeleweki.

"Maalim, huyu mzee wa Oman ametuma barua mara ya pili analalamika tarehe si sawa. Na mwenyewe ameitia tiki! Nakutumia picha uone."

Picha ikaja kwa wasapu. Mgeni alikuwa ameichapisha ile karatasi ya uthibitisho wa chumba, akaiandika kwa kalamu ya wino, kisha akaipiga picha mezani, kivuli cha mkono kikiwa juu yake. Mstari wa kuingia ulisoma 08/05/2026, na wa kutoka 11/05/2026, usiku tatu. Juu ya ile 08 palikuwa na alama kama herufi V. Juu ya 11 palikuwa na kijistari kimoja kilichosimama na nukta pembeni, ambayo dada aliidhania ni wino uliodondoka.

Ile V haikuwa tiki. Ilikuwa ٧, yaani saba.

Waarabu wa mashariki, Oman wakiwemo, wakiandika kwa mkono wengi wao hutumia tarakimu zao wenyewe. Saba yao ni V, nane yao ni V iliyopinduliwa, ٨, na sifuri yao ni nukta tupu. Tano yao, ٥, ni kiduara, kwa hiyo asiyezijua huisoma sifuri. Sita yao, ٦, mtu wa mbio huisoma saba. Maneno huenda kutoka kulia kwenda kushoto, lakini tarakimu za namba moja hupangwa kushoto kwenda kulia kama tulivyozoea. Kwa hiyo kile kijistari na nukta yake, ١٠, ni kumi, wala hakuna haja ya kukigeuza. Mgeni alikuwa amesahihisha kila kitu palepale kwenye karatasi: kuingia tarehe 7, kutoka tarehe 10. Mapokezi wakaona tiki na doa.

Hata hivyo kalamu peke yake isingetosha kuwapoteza, kwa sababu barua yenyewe ilikuwepo. Ilianza kwa salamu ndefu, kisha "wa baadu", neno ambalo wazee wetu nao walilitia katika barua zao. Halafu ikasema kwamba tarehe za kwenye karatasi zina kosa, kwamba yeye aliomba chumba cha usiku tatu kuanzia

```
ليلة الجمعة
```

na kwamba ataondoka asubuhi ya Jumapili. Mwisho akaomba wakarimu kurekebisha. Ukarimu huo ni adabu ya barua za Kiarabu tu. Mapokezi walidhani anaomba hisani, kumbe anadai haki yake kwa upole.

Maneno hayo mawili husomwa "lailatul jumaa". Ombi la kwanza la mgeni lilipokuja, kijana mmoja wa jikoni aliyewahi kufanya kazi Ghuba aliwasomea, na kwa kuwa fomu ya hoteli imeandikwa Kiingereza, akawapa jibu kwa Kiingereza: usiku, Ijumaa. Ijumaa ya wiki hiyo ni tarehe 8. Ukihesabu usiku tatu kutoka hapo unafika tarehe 11, nao wakaandika hivyo. Barua ya malalamiko ilipofika, wakaona neno ni lilelile, Ijumaa, na karatasi inasema Ijumaa. Sasa mzee anataka nini?

Nilimuuliza dada, "Kwenu nyumbani mnasoma Yasini usiku wa Ijumaa?"

"Twasoma."

"Siku gani?"

Akacheka kabla hajajibu. "Alhamisi, Maalim. Alhamisi magharibi ikishaingia."

Basi ndiyo hiyo. Katika hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Mswahili wa Mombasa analijua hilo tangu utotoni, na lau kijana angewapa tafsiri kwa Kiswahili, "usiku wa Ijumaa", pengine mtu mmoja pale mapokezi angeshtuka. Lakini neno lilipitia Kiingereza, na huko usiku hufuata mchana wake. Lilipotoka upande wa pili lilikuwa limesogea saa ishirini na nne.

Sikutaka kumaliza kazi kwa kutegemea neno hilo, maana siku hizi wapo Waarabu, hasa vijana wa mijini, wanaosema lailatul jumaa wakikusudia Ijumaa yenyewe jioni. Nikaanzia mwisho. Asubuhi haina utata: asubuhi ya Jumapili ni asubuhi ya Jumapili kwa kila mtu. Jumapili ni tarehe 10 Mei. Rudi nyuma usiku tatu: wa kuamkia Jumapili, wa kuamkia Jumamosi, wa kuamkia Ijumaa. Umefika Alhamisi tarehe 7. Hesabu hiyo imekubaliana na kalamu, na kalamu imekubaliana na barua. Karatasi ya hoteli inasema anatoka tarehe 11, ambayo ni Jumatatu. Hapo ndipo kosa lilipokuwa limekaa wazi siku zote, ila hakuna aliyeiweka siku ya wiki kando ya tarehe.

Dada alinieleza kwamba walihakiki idadi ya usiku wakaikuta tatu, wakatulia. Ni kweli ilikuwa tatu. Tarehe zote mbili zikisogea pamoja, idadi haibadiliki, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha kosa la namna hii. Ingekuonyesha kama tarehe moja tu ndiyo imekosewa.

Hata siku za wiki zina mtego wake kwetu. Al-ahad ya Waarabu imetokana na moja, na ni Jumapili. Sisi mosi yetu ni Jumamosi. Al-ithnayn, ya pili kwao, ni Jumatatu kwetu. Tunapishana hivyo hadi al-khamis, ya tano yao, ambayo tuliichukua kama ilivyo tukaiita Alhamisi, ilhali tayari tunayo Jumatano. Wiki yetu ina tano mbili! Mtu anayejua hesabu ya Kiarabu lakini hajakariri siku hukosea siku moja bila kujua.

Jibu tuliliandika siku ileile. Sikurudia lailatul jumaa hata mara moja. Niliandika "masaa al-khamis", Alhamisi jioni, nikatia ٧ مايو ٢٠٢٦, na chini yake tarehe hiyohiyo kwa tarakimu za kwenye karatasi. Upande wa kutoka nikaandika asubuhi ya Jumapili, kumi. Neno la mwezi nililiandika kwa herufi kwa sababu 07/05 mtu mwingine huisoma tano Julai.

Mzee akajibu kwa sentensi moja ya shukrani na picha ya karatasi mpya, safari hii bila wino wowote. Chumba alichokuwa amechagua, cha kuelekea bahari, kilikuwa na mtu hadi Ijumaa saa nne asubuhi. Usiku wa Ijumaa alilala cha nyuma, kinachotazama maegesho ya magari, na hoteli ikambebea mizigo kesho yake.