Viboksi Vitupu Mahali pa Emoji: Je, Ujumbe Umeharibika?

*Nikitumiwa emoji mpya, simu yangu ya zamani inaonyesha viboksi vitupu. Je, ujumbe umeharibika njiani?*

Hapana. Mara nyingi ujumbe wenye viboksi umefika mzima kabisa, na simu inajua vizuri ni alama gani iliyotumwa. Inachokosa ni mchoro wa kuionyesha alama hiyo.

Simu hazitumiani picha za emoji. Zinatumiana namba. Kila herufi, tarakimu na emoji imepewa namba yake ya kudumu katika orodha ya kimataifa iitwayo Unicode, na namba hizo ndizo zinazosafiri kutoka simu moja hadi nyingine. Simu inayopokea huichukua namba hiyo na kutafuta mchoro wake katika fonti zake, yaani mafaili yanayohifadhi maumbo ya herufi. Fonti ya kwanza isipokuwa na mchoro huo, simu huuliza ya pili, kisha ya tatu. Zote zikikosa, huchora umbo la akiba ambalo kila fonti hulibeba katika nafasi namba 0, na ambalo kwa wataalamu huitwa `.notdef`. Umbo hilo ndilo kiboksi kitupu. Katika simu za iPhone, kiboksi hicho huwa na alama ya kuuliza ndani yake.

Tuchukue mfano mmoja. Mtu ameandika "Asante sana" na kuongeza emoji ya mikono miwili inayounda moyo, yenye rangi ya ngozi ya kahawia. Machoni pake hiyo ni alama moja, lakini zinazotumwa ni namba mbili:

```
U+1FAF6  U+1F3FE
```

Namba ya kwanza ni ya mikono, nayo iliingia katika Unicode mwaka 2021. Ya pili ni ya rangi ya ngozi, na imekuwapo tangu mwaka 2015. Simu ya Android iliyotengenezwa mwaka 2019 na ambayo haijapata toleo jipya la mfumo inaifahamu ya pili na haina mchoro wa ya kwanza. Kwa hiyo mpokeaji huona kiboksi, na pembeni yake kipande cha rangi ya kahawia kisicho na maana yoyote kwake. Simu iliyotangulia mwaka 2015 huonyesha viboksi viwili. Hapo ndipo mtu hudhani kwamba ametumiwa vitu vingi vilivyovurugika, ilhali mwenzake aligusa kitufe kimoja tu cha emoji.

Viboksi viwili vinaweza kuwa na sababu nyingine pia. Hapo mwanzo Unicode ilipangwa iwe na nafasi 65,536 tu, na programu nyingi za zamani zilijengwa kwa hesabu hiyo. Emoji nyingi zimewekwa nje ya eneo hilo, na katika SMS kila moja huandikwa kwa vipande viwili vinavyopaswa kusomwa pamoja. Simu ndogo ya vitufe isiyojua kuviunganisha huvihesabu kuwa herufi mbili zisizojulikana. Tukiwa bado kwenye SMS, inafaa kujua kwamba emoji moja tu hubadilisha namna ujumbe mzima unavyoandikwa, na nafasi za ujumbe mmoja hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Anayelipia kila SMS anaweza kukatwa malipo ya mbili au tatu kwa maneno ambayo yangetosha katika moja.

Si kila emoji isiyofahamika huishia kuwa kiboksi. Nyingine huvunjika vipande vinavyosomeka. Bendera ya Tanzania, kwa mfano, ni alama mbili za herufi T na Z zilizowekwa pamoja, na kifaa kisicho na michoro ya bendera huonyesha herufi TZ. Emoji nyingi za familia ni watu mmoja mmoja walioungwa kwa alama isiyoonekana, `U+200D`, na simu isiyojua muungano huo huwapanga baba, mama na mtoto kila mmoja peke yake. Mpangilio huu ulifanywa kwa makusudi ili simu ya zamani ipate angalau sehemu ya maana, na kwa maoni yangu ni uamuzi wa busara kuliko kutoa namba mpya kabisa kwa kila mchanganyiko.

Wengi hushangaa kuona kiboksi kwenye taarifa inayojitokeza juu ya skrini, kisha wakifungua WhatsApp wanaikuta emoji imekaa sawasawa. Sababu ni kwamba WhatsApp ya Android hubeba michoro yake yenyewe ya emoji, na michoro hiyo huongezeka kila programu inapopata toleo jipya. Taarifa ya juu ya skrini huchorwa na mfumo wa simu, kwa fonti ya mfumo. Kwa miaka mingi fonti hiyo ya Android ilibadilika pale tu mfumo mzima uliposasishwa, na mtengenezaji akiacha kutoa matoleo mapya, orodha ya emoji nayo husimama pale pale. Hali ni hiyo hiyo kwa iPhone 6, ambayo ilikomea kwenye iOS 12, wakati emoji ya mikono ya moyo ilikuja na iOS 15.4 mwezi Machi 2022. Hakuna mpangilio wowote katika simu hiyo utakaoileta.

Upo hata hivyo uharibifu wa kweli, nao una sura tofauti. Ukiona alama ya kawaida ya kuuliza, `?`, mahali palipotakiwa kuwa na emoji, au alama `�`, kuna mtambo au programu iliyoshindwa kuitunza namba ikabadilisha maandishi. Njia ya kupima ni rahisi: sambaza ujumbe huo kwenye simu mpya zaidi, kwa programu ile ile. Kiboksi kikigeuka kuwa emoji, namba ilikuwamo wakati wote. Alama ya kuuliza itabaki alama ya kuuliza, kwa kuwa namba ya awali imekwisha futwa, na dawa pekee ni kumwomba aliyetuma aandike upya kwa maneno.

Kinachonisumbua zaidi kuliko emoji ni majina na matangazo yanayoandikwa kwa herufi za mapambo zinazonakiliwa kutoka mtandaoni. Herufi `𝐊` inafanana na K iliyokolezwa wino, lakini ni alama ya hisabati yenye namba `U+1D40A`, na K yetu ni `U+004B`. Emoji ikikosekana, sentensi kwa kawaida bado inaeleweka. Tangazo la msiba au la kikao likiandikwa lote kwa herufi hizo, mwenye simu isiyo na michoro yake hupata mistari mitupu ya viboksi, bila siku wala mahali. Hata kwenye simu mpya, programu inayowasomea wasioona huweza kuyataja maandishi hayo alama moja moja au kuyaruka kabisa. Anayetaka kukoleza maneno kwenye WhatsApp anaweza kuyaweka kati ya nyota mbili, `*Jumamosi saa nne*`, na herufi zinazotumwa zitabaki zile zile ambazo kila simu inazo.